Kuanguka Bila Kuumia: Ninavyowafundisha Vijana wa Wete Kujilinda Bila Kupigana

Mtu akisukumwa kifuani bila kutazamia, hurudi kinyumenyume hatua mbili tatu, kisha mguu humkwama na mwili ukaenda chini. Mikono hukimbilia nyuma yenyewe kuitafuta ardhi, na kichwa hufuata. Katika miaka niliyofundisha vijana, kwanza Unguja na sasa hapa Wete, viungo ninavyovihofia ni hivyo viwili: kifundo cha mkono na kisogo. Kusukumwa kwenyewe mara nyingi hakuachi hata alama. Kinachovunja ni sakafu.

Mkono ulionyooshwa nyuma hupokea uzito wa mwili mzima mahali pamoja, kwenye kiganja. Mfupa ulio juu kidogo ya kifundo ndio huvunjika zaidi, na nguvu ikipanda hufika kwenye kisugudi au mtulinga. Kwa vijana jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa wasichana wa miaka kama 10 hadi 12, na wavulana wa 12 hadi 14, mifupa hurefuka haraka kuliko inavyokomaa, na huo ndio umri ambao mivunjiko ya mkono huwa mingi kabisa. Kijana aliyerefuka ghafla pia huwa hajauzoea mwili wake mpya: makalio yako mbali na ardhi kuliko alivyozoea, naye bado anaanguka kwa vipimo vya mwaka jana.

Kuhusu kichwa, kuna habari ya Japani ambayo kila mwalimu wa vijana anapaswa kuijua. Tangu mwaka 1983 wanafunzi zaidi ya 100 wamefariki katika judo ya shuleni kule kwenye asili ya mchezo wenyewe, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wengi wao wakiwa wageni wa mchezo waliokuwa wakitupwa kabla hawajajua kuanguka. Mshipa wa damu ndani ya fuvu unaweza kuchanika kwa kichwa kurushwa kwa nguvu tu, hata kama hakikugonga. Mimi nilijifunza judo Unguja, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliuanzisha mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ninaupenda sana. Lakini nilipoanza kuchukua vijana wa mtaani kwa saa moja baada ya chuo, niliamua kwamba hapa hatutupani, hatukabani na hatupigani hata kwa majaribio. Kutoka kwenye judo nilichukua kitu kimoja tu, kile kinachofundishwa kabla ya vyote: ukemi, yaani namna ya kuanguka.

Sakafu yetu ni ya saruji. Tatami halisi, yaani mikeka ya judo, za mita 1 kwa 2 na unene wa sentimita 4, hazitoshi watu wote, kwa hiyo tunajazia kwa magodoro ya sponji yaliyokatwa. Godoro huwadanganya wengi. Wazazi huniletea lile nene kabisa wakidhani ndilo salama, na kwa kulala ni kweli. Kwa anayeanguka kutoka kusimama, wayo huzama, mwili ukageuka, na kifundo cha mguu kikabaki pale pale. Kipimo changu ni ngumi: naegemea kwa uzito wangu, nikiisikia saruji nazidisha tabaka, ngumi ikizama hadi kwenye kifundo cha mkono napunguza. Juu ya yote tunatandika turubai na kulikaza kwa kamba pembe zote, kwa sababu mwanya kati ya godoro na godoro hunasa vidole vya miguu. Siku ambayo chumba hakipatikani tunakwenda pwani, juu kwenye mchanga mkavu, baada ya kuupitia kwa reki kuondoa vigae na miiba. Ule mchanga uliolowa, maji yakitoka, unapendeza macho lakini ni mgumu mno.

Kabla ya kugusa turubai, kila msichana hutoa pini. Hili silisamehe hata siku moja. Pini ya mtandio chini ya kidevu, ambapo tunataka kidevu kibane, ni hatari kuliko mazoezi yenyewe. Wanavaa ushungi wa kuvuta usiohitaji pini, suruali pana na kanzu fupi. Bangili, saa, hereni na miwani huwekwa kwenye kikapu. Wasichana wana zamu yao na wavulana yao, na mlango wa zamu ya wasichana hubaki wazi kwa mama yeyote anayetaka kukaa atazame.

Tunaanza chali. Kijana amelala, magoti yamekunjwa, mikono imepishana kifuani, kidevu kimeshuka kifuani na macho yanatazama kitovu. Nikisema "haya", mikono yote miwili hushuka na kupiga turubai kwa pamoja, kiganja na mkono wote hadi kwenye kisugudi, huku akitoa pumzi kwa sauti. Mkono uwe mbali na ubavu kiasi cha nusu ya pembe mraba, au pungufu kidogo. Ukipanda hadi usawa wa bega, bega ndilo litakaloumia. Ukibana ubavuni, haupunguzi chochote. Meno yamefungwa na ulimi uko ndani. Pumzi lazima itoke, maana anayeizuia akapigwa mgongo hubaki ameduwaa, hawezi kuvuta wala kutoa hewa, na hofu ya dakika hiyo humfukuza asirudi tena.

Vijana huuliza kwa nini wapige chini. Ninawaambia kwamba pigo linafanya kazi mbili. Linaeneza nguvu ya kuanguka kwenye eneo kubwa la mkono badala ya kuiacha yote mgongoni, na linaupa mkono shughuli ili usikimbilie nyuma. Kwa watoto wa umri huu ile kazi ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi.

Kidevu ninakipima kwa leso. Kila mmoja anabana leso iliyokunjwa kati ya kidevu na kifua, bila kukaza taya, na leso ikidondoka anarudia. Wengine hubana leso vizuri lakini shingo huchoka baada ya mapigo machache, na kisogo kikashuka taratibu bila wao kujua. Kwa hao ninaweka kiganja changu kwenye turubai, chini ya kichwa. Nikiguswa na nywele, wanapumzika. Shingo ya kijana ambaye hajawahi kufanya mazoezi huchoka mapema, kwa hiyo mapigo kumi, kupumzika, kumi tena, kisha basi kwa siku hiyo.

Akishindwa kukishika kidevu akiwa amelala, hawezi kukishika akiwa ameshtuka. Ndiyo maana hakuna anayepanda hatua kwa kuwa mwenzake amepanda.

Baada ya hapo wanakaa kitako na kujiviringisha nyuma, mgongo umepinda kama tumbo la mtumbwi, makalio kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, na hapo hapo mikono inapiga. Miguu hunyanyuka lakini magoti hayavuki kichwa, kwa sababu yakivuka, uzito huhamia kwenye shingo. Kisha wanachutama. Siri ya kuchutama ni kukaa karibu na visigino. Anayetupa makalio mbali nyuma huangukia kifandugu, na kifandugu kilichopigwa huuma wiki nyingi. Mwisho kabisa ni kusimama: hatua moja nyuma, goti linakunjwa, mwili unashuka hadi pale pale pa kuchutama, halafu yote yanaendelea kama walivyozoea. Anguko la kusimama, kwa hiyo, ni lile la kuchutama lililoongezewa hatua moja. Kijana huruhusiwa kulijaribu akishafanya kumi mfululizo za kuchutama bila kasoro mbele yangu.

Kasoro nyingi ninazisikia kabla ya kuziona. Anguko zuri lina mlio mmoja, pa! Nikisikia milio miwili, mgongo umetangulia na mkono umechelewa. Mlio mzito wa chini chini, bila kishindo cha kiganja, ni kisugudi kilichotangulia, na nikikitazama nakikuta chekundu. Kwa kichwa ninauliza swali moja: umeona nini? Aliyeona magoti yake yuko sawa. Aliyeona kenchi za paa ameachia kidevu, hata kama hakugonga.

Kijana aliyenifundisha mengi kuhusu mikono ni golikipa mmoja wa miaka 14, mrefu, mwepisi, anayesifiwa uwanjani kwa kujirusha. Akiwa amelala alipiga vizuri kuliko wote. Alipokaa kitako tu, mikono ikaenda nyuma, vidole vikielekea nje, viwiko vimekaza. Nilimwambia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, naye kila mara aliitikia, "Nimefahamu, mwalimu," na kila mara mikono ikarudi nyuma. Kufahamu alifahamu kweli. Lakini mwili wake ulikuwa umefanya mazoezi ya miaka ya kuitanguliza mikono katika kila anguko, na maneno hayawezi kuushinda mwili uliozoea.

Nikamwondolea mikono kabisa. Alishika ukosi wa fulana yake kwa mikono miwili, kulia kwa kushoto na kushoto kwa kulia, akawa anajiviringisha nyuma na kurudi kukaa, bila kupiga. Wenzake walikuwa wameshafika kwenye kuchutama na yeye bado ameshika fulana, na kwa kijana wa umri huo hilo ni gumu kulivumilia. Nilimpa kazi ya kusikiliza milio ya wenzake na kuniambia nani amechelewa, akaifanya kwa bidii. Siku mgongo wake ulipoanza kuviringika bila kishindo nilimruhusu aachie mkono mmoja tu, wa kulia, upige ubavuni, wa kushoto ubaki kwenye fulana. Huo ndio mwanzo wa anguko la ubavu, na kwake lilikuja kabla ya la nyuma. Kisha mkono wa pili. Alipofika kuchutama mikono ilijaribu kurudi nyuma tena, nasi tukarudi kwenye fulana kwa siku hiyo. Ninachokiangalia kwa kijana wa namna hii ni vidole: kabla mwili haujaanza kushuka, vidole vya anayetaka kutanguliza mikono hufunguka na kutanuka. Nikiviona, namsimamisha kabla hajaanguka.

Alipokuwa sawa, nikamtengenezea mshtuko mdogo. Katika darasa langu hakuna anayemsukuma mwenzake. Kijana anatembea kinyumenyume mwenyewe, polepole, mimi nikiwa ubavuni mwake, na nikipiga kofi la mikono anashuka pale pale alipo. Hajui kofi litapigwa lini, na kutojua huko kunatosha. Kumwongezea nguvu za mtu mwingine kungeleta hatari bila kuongeza elimu.

Kuanguka kukishakamilika, wengi hudhani kazi imekwisha. Kijana aliyesukumwa akaanguka salama bado yuko chini, na aliyemsukuma bado yuko mbele yake. Kwa hiyo tunafundisha kuinuka bila kugeuza mgongo. Anakaa upande, mkono mmoja umeshika chini nyuma yake, wayo wa mguu wa upande wa pili umekanyaga, mkono ulio huru uko mbele ya uso. Ananyanyua makalio, anaupitisha mguu uliolala chini ya mwili wake hadi nyuma, na anasimama akiwa tayari amesogea hatua moja mbali. Wasiojua huinuka kwa kuinama mbele, uso ukienda kwa yule yule aliyewasukuma. Baada ya kusimama, hatua mbili nyuma, tazama mlango uko wapi, ondoka.

Kuna pia sehemu ya kuona hatari mapema na kusema, nayo tunaifanya tukiwa tumevaa viatu, nje ya turubai. Vijana wawili wanasimama mbali, mmoja anamsogelea mwenzake. Anayesogelewa hunyoosha viganja mbele, kifuani, na kusema "simama hapo" pale mwili wake unapoanza kuhisi karibu mno. Anayesogea lazima asimame. Kisha tunapima. Mwanzoni karibu wote husema wakiwa wamechelewa, mwenzao akiwa ndani ya urefu wa mkono, ambapo angeweza kuwashika au kuwasukuma. Tunarudia hadi sauti itoke kwenye umbali wa mikono miwili.

Kati ya rika na rika hili ni rahisi. Ugumu ulijitokeza nilipomwambia binti mmoja afikirie kwamba anayesogea ni mtu mzima anayemwamkia kila siku. Viganja vikashuka, macho yakaenda chini. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mtu mzima nitamwambiaje asimame? Si nitakuwa sina adabu?" Mama yake alikuwa amekaa mlangoni siku hiyo. Nilimgeukia nikamuuliza, "Mama, ungependa aseme vipi?" Alifikiri kidogo, kisha akamwambia mwanawe, "Mwanangu, mwamkie. Mwambie shikamoo, halafu mwambie baba usinisogelee, simama hapo hapo ulipo, usinishike. Ukishasema hivyo huna deni la adabu kwa mtu." Tangu siku hiyo hivyo ndivyo tunavyofanya: shikamoo ukiwa umesimama mbali, mkono haunyooshwi kama hutaki kushikwa, na akiendelea kusogea, sauti inapanda na miguu inaondoka. Salamu haidai mtu akaribie.

Ninalisisitiza hili kwa sababu anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu anayemjua, na mtu huyo hamsukumi. Huanza kwa kumtuma dukani, kumpa pesa ndogo, kumwambia "usimwambie mama". Dhidi ya hilo kuanguka hakusaidii kitu, na ninawaambia waziwazi. Ombi la siri kutoka kwa mtu mzima ndilo tahadhari yenyewe. Kila kijana anaandika kwenye daftari, nyumbani, majina ya watu wazima watatu atakaowaambia, mmoja awe nje ya nyumba yao. Wa kwanza asipoamini, aende kwa wa pili. Wanajua pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyotozwa, na kwamba hospitali ya Chake Chake ina kituo cha Mkono kwa Mkono ambako anayedhuriwa hupata daktari, polisi na ushauri mahali pamoja. Nao wanajua kwamba aliyeganda, akashindwa kusema wala kukimbia, hana kosa. Mwili wa binadamu huganda kwa hofu, na hakuna zoezi langu linaloondoa hilo kwa hakika.

Kuna wanaokaa pembeni. Aliyetoka kwenye homa, mwenye kifafa, mwenye mkono au mtulinga uliovunjika karibuni, hao hufanya sehemu ya sauti na umbali peke yake hadi daktari aseme. Akigonga kichwa yeyote, hata kidogo, haendelei siku hiyo, hata akiapa kwamba ni mzima. Ninakwenda naye nyumbani mwenyewe na kumweleza mkubwa wa nyumba dalili za kutazama: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganya maneno. Ikitokea moja, ni hospitali usiku huo huo. Anayelalamikia shingo huku mikono ikimfa ganzi hanyanyuliwi. Anaachwa alivyolala, kichwa kikishikwa kisitikisike, hadi wahudumu wafike.

Na kila msimu wa karafuu unapokaribia, mvulana mmoja huuliza kama ukemi utamsaidia akiteleza mkarafuuni. Ninalijibu swali hilo mbele ya wote, kwa sababu jibu la uongo lingeua. Tunachofundishana ni anguko la mtu kutoka kwenye urefu wake mwenyewe, juu ya miguu yake mwenyewe. Kutoka kwenye tawi la juu, mkono utakaopiga chini utavunjika na mgongo nao, na kichwa hakuna wa kukishika. Huko kinga ni kutopanda mti uliolowa, kutoegemea tawi kavu, kujifunga kamba, na kuwaachia watu wazima wenye ujuzi matawi ya juu. Wakati wa mavuno darasa hupungua sana. Wakirudi wote huanza tena chali, leso chini ya kidevu, hata wale waliokwisha kufika kwenye kusimama, maana wiki chache bila mazoezi zinatosha kuirudisha mikono nyuma.